Stika za rangi, kitabu au kompyuta: mnafuatilia vipi tarehe za dawa dukani?

Duka_Umoja
Habari zenu wakuu. Niko na duka dogo la dawa hapa Umoja, mimi na msaidizi mmoja. Nataka dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza. Nimeonyeshwa njia tatu: stika ya rangi kwa kila boksi, kitabu chenye ukurasa wa kila mwezi, au programu ya kompyuta. Ipi inadumu hata jioni watu wakijaa kaunta?

Kijana_wa_Rafu
Unajichosha bure, bosi. Mzigo mpya nyuma, wa zamani mbele. Basi.

Famasia_Kayole
@Kijana_wa_Rafu hiyo ni sawa pale tu mzigo mpya unapokuwa na tarehe ya mbali zaidi. Kwa dawa si hivyo kila mara. Tuseme una boksi 10 za dawa ya presha zinazoisha Machi mwakani. Mwisho wa Juni unaletewa 24 zinazoisha Novemba mwaka huu, na unauza 5 kwa mwezi. Ukianza na zile 10 kwa kuwa zilitangulia kuingia, zinakwisha Agosti. Kuanzia Septemba hadi Novemba utauza 15, na 9 zitakufia mkononi. Ukianza na za Novemba, zote 24 zinatoka.

Sasa @Duka_Umoja, mimi natumia stika na kitabu pamoja. Rangi moja ni ya miezi mitatu, kwa tarehe ya kuisha, si ya kupokea mzigo. Stika inaongoza mkono wa msaidizi lakini haikwambii zimebaki ngapi. Hilo ni la kitabu: kabla mzigo haujapanda rafuni, andika jina, namba ya bechi na idadi kwenye ukurasa wa mwezi ambao dawa inaisha. Kila mwanzo wa mwezi fungua ukurasa wa miezi minne mbele, hesabu zilizobaki rafuni, linganisha na unavyouza. Zikizidi, mpigie msambazaji mapema, maana akisogelewa na tarehe hapokei tena.

Mama_Maziwa_Githurai
Mimi nauza maziwa na mtindi. Hiyo stika nilijaribu, wateja wakaijua! Yenye nyekundu hawagusi, wanaingiza mkono mpaka nyuma ya friji wachomoe ya jana.

Famasia_Kayole
Mama, kwako mteja ndiye anachagua, kwetu tunachagua sisi. Usiweke tarehe mbili kwenye friji moja. Za mbali zikae friji ya ndani mpaka za karibu ziishe.

Mama_Maziwa_Githurai
Friji ya ndani niitoe wapi, daktari? Ninayo hii moja tu.

Kaunta_South_B
Nimetumia programu mbili. Ya kwanza ilikuwa na nafasi ya tarehe moja tu kwa kila dawa. Ukipokea mzigo mpya, tarehe ya zamani inafutika, na ripoti inakuja safi kabisa huku rafuni kuna bomu. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aingize bechi mbili za dawa moja zenye tarehe tofauti, kisha auze moja mbele yako. Halafu ujue hii pia: zile baa za kuskani kwenye boksi nyingi zinataja bidhaa tu, tarehe haimo. Mashine itapunguza bechi ya Novemba wakati mkono umechukua ya Machi, na hakuna atakayejua mpaka siku ya kuhesabu.

Nesi_Kawangware
Na wanaouza vidonge kwa kukata? Tarehe huwa imegongwa upande mmoja wa ubao. Msaidizi akianza kukata upande huo, vilivyobaki havina tarehe wala bechi, na hapo hakuna stika itakayokuokoa. Anza upande wa pili, na kipande kilichobaki kirudi kwenye boksi lake.

Famasia, hesabu yako ina tobo. Boksi la vidonge 30 likinunuliwa katikati ya Novemba, mgonjwa atameza mpaka Desemba. Mwisho wako ni Oktoba, si Novemba. Kwa hiyo utauza 20, na 4 zitabaki hata ukipanga vizuri.

Famasia_Kayole
Kweli, nesi. Basi zile 4 zinajulikana tangu siku mzigo unapoingia. Ni za kukataa pale pale ankara ikiwa mkononi, si za kusubiri kitabu. Na anayechukua dozi ya miezi mitatu, kuanzia Septemba usimpe za Novemba kabisa, mpe za Machi.

Kijana_wa_Rafu
Sasa hapo si umeruka foleni yako mwenyewe?

Famasia_Kayole
Nimeruka, ndiyo. Rafu inapangwa kwa tarehe, lakini anayetoa dawa lazima aulize mgonjwa ataimeza mpaka lini.

Duka_Umoja
Nimeshika. Naanza na kitabu na stika, kompyuta ingoje. Ila hizo 4, msambazaji wangu hukubali katoni nzima tu. Wenzangu wa Eastlands, kuna anayegawana mzigo na duka jirani?