Mara ya tatu pendekezo langu larudishwa na neno moja: "OANISHA". Nioanishe nini na nini?

JarifeBovu:
Jamani niacheni nitoe joto. Niko Amu, nasoma uzamili katika chuo ambacho sikitaji, na hii ni mara ya tatu pendekezo langu la utafiti limerudi limechafuliwa wino mwekundu. Mara ya kwanza pembeni pameandikwa "oanisha". Nikakaa wiki mbili nikaoanisha. Mara ya pili: "bado hayaoani". Leo ni "OANISHA!!" kwa herufi kubwa, basi. Nikipiga simu, msimamizi yuko mkutanoni. Nipande boti hadi Mokowe, nikae kwenye basi siku kutwa, nikaambiwe neno moja?

Hebu someni wenyewe mniambie kosa liko wapi. BMU ni vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo na uvuvi wa mahali pao.

Kichwa: Mchango wa BMU katika kuinua kipato cha wavuvi wadogo Kaunti ya Lamu.
Lengo kuu: Kuchunguza athari za uanachama wa BMU kwa ustawi wa wavuvi wa Kisiwa cha Lamu.
Swali la 1: Wavuvi wana mtazamo gani kuhusu BMU?
Nadharia tete ya 1: Uanachama wa BMU huongeza mapato ya wavuvi wa pwani.

Yote si yanahusu BMU na wavuvi? Mbona mie naona yanaoana kama chapati na maharagwe?

Chausiku_Mld:
BMU! Usiniguse hapo. Huku Malindi kwenye bandari yetu tulichanga pesa za friza mwaka mzima, na hadi leo friza hatujaliona. Andika hilo kwenye utafiti wako.

JarifeBovu:
Pole dada, lakini mie nauliza habari ya pendekezo, si friza.

SureKabisa:
Rahisi sana hii. Kila swali liwe na nadharia tete yake, idadi zilingane. Maswali matatu, nadharia tete tatu. Chukua swali, toa alama ya kuuliza, ligeuze liwe sentensi. Mie nilifanya hivyo nikapita.

MkekaWaSiyu:
Ulipita kwa bahati. Mimi nilitafiti wanawake wanaosuka mikeka, wanavyowafundisha mabinti zao. Nakaa nao, nawasikiliza. Jopo likanilazimisha niandike nadharia tete tatu, "kwa sababu fomu ina nafasi yake". Nadharia tete ya nini, na sikuwa napima kitu? Nikaandika hivyo hivyo, halafu sura ya nne wakaniuliza mbona sikuzijaribu. Nilitamani kulia.

BabaTakwimu:
JarifeBovu, msimamizi wako amekukosea kwa kukuandikia neno moja, hilo nakubali. Ila kosa lipo, na ni kubwa. Chukua hiyo mistari minne na kalamu. Katika kila mstari pigia kistari vitu vinne: ni akina nani, ni wapi, ni kitu gani kinachopimwa, na kitenzi kinaahidi nini.

Wapi: kichwa kinasema kaunti nzima, maana yake hadi Faza, Kizingitini na Kiunga. Lengo linasema kisiwa. Nadharia tete inasema pwani, sasa umeingiza na Vanga kule mpakani. Ni tafiti tatu hizo.

Kinachopimwa: kipato, ustawi, mtazamo, mapato. Maneno manne. Ukimuuliza mvuvi anaonaje BMU, atakujibu anavyoona. Majibu yake hayawezi kujaribu kama mapato yameongezeka. Swali lako la 1 na nadharia tete yako ya 1 hazijakutana hata njiani.

Kitenzi: "huongeza". Utawauliza watu mara moja tu kwa dodoso, sivyo? Basi huwezi kusema BMU imeongeza. Huenda wenye mashua kubwa ndio wanaopenda kujiunga, na wangepata zaidi hata bila BMU. Hapo unaweza kusema kuna uhusiano, au kuna tofauti. Usivuke hapo.

JarifeBovu:
Kipato na mapato nilibadilisha makusudi! Shuleni tulifundishwa insha nzuri hairudii neno. Mwalimu alikuwa anakata alama.

BabaTakwimu:
Ndiyo maana wengi wenye lugha nzuri hunaswa hapa. Kwenye insha ukibadilisha neno unasifiwa, huku msomaji anadhani umebadilisha kitu. Na kwa wavuvi ni kitu kweli. Mashua ikiuza samaki, pesa ya kwanza hulipa mafuta na barafu, kisha mwenye chombo achukue fungu lake, halafu ndipo mabaharia wagawane. Mapato yako ni ya hatua gani? Amua moja, ipe jina, na jina hilo lirudi vile vile mwanzo hadi mwisho, hata likichosha.

SureKabisa naye ana nusu ya ukweli. Nadharia tete lazima itoke kwenye swali. Lakini swali la "mtazamo gani" au "wangapi" ni la kueleza tu, halidai nadharia tete. Ukilazimisha, yatakupata ya MkekaWaSiyu.

SureKabisa:
Chuo chetu fomu haikubali nafasi tupu. Sasa huyo atafanyaje?

BabaTakwimu:
Kwa hilo sina dawa. Vyuo vinatofautiana.

NahodhaMstaafu:
Mimi si msomi, lakini nimevua miaka mingi. Unataka kulinganisha mwanachama na asiye mwanachama. Bandarini kwetu karibu kila mvuvi ameandikwa kwenye daftari la BMU. Huyo asiyekuwa mwanachama utamtoa wapi? Na ukija kuuliza wakati wa kusi, bahari imechafuka, vyombo vidogo vimelala, utaandika sisi ni maskini mwaka mzima.

BabaTakwimu:
Mzee amemaliza kazi, hilo sikuliona. Uanachama ukiwa ni wa wote, hakuna cha kulinganisha. Mzee, kuna kinachotofautiana kati yenu?

NahodhaMstaafu:
Mikutano. Wako wasiokosa, wako tunaowaona siku ya uchaguzi tu.

JarifeBovu:
Ngoja. Nimejaribu usiku huu:

Lengo kuu: Kuchunguza uhusiano kati ya mahudhurio ya mikutano ya BMU na fungu la baharia kwa safari moja, miongoni mwa wavuvi wadogo wa Kisiwa cha Lamu, msimu wa kusi.
Swali la 1: Kuna uhusiano gani kati ya mahudhurio ya mikutano ya BMU na fungu la baharia kwa safari moja, miongoni mwa wavuvi wadogo wa Kisiwa cha Lamu, msimu wa kusi?
Nadharia tete ya 1: Hakuna uhusiano kati ya mahudhurio ya mikutano ya BMU na fungu la baharia kwa safari moja, miongoni mwa wavuvi wadogo wa Kisiwa cha Lamu, msimu wa kusi.

Linasomeka kama kasuku.

BabaTakwimu:
Acha liwe kasuku. Ila kichwa bado kinasema "mchango", "kuinua" na "Kaunti". Na swali la mtazamo umelipeleka wapi?

MkekaWaSiyu:
Usilitupe. Hilo ndilo lenye watu ndani yake.

BabaTakwimu:
Likibaki, lengo kuu lazima lilitaje, maana sasa halina pa kuegemea. Mimi ningelitoa.

JarifeBovu:
Bado sijaamua. Kuhusu kichwa, kimeshasajiliwa! Kukibadilisha kuna fomu, sahihi tatu, na mmoja wa hao watatu ndiye aliyeniandikia "OANISHA!!". Jumatatu alfajiri napanda boti ya Mokowe.

Chausiku_Mld:
Ukimaliza, ulizia na friza letu.