Tupeane uzoefu: mashine ya Turing ya utepe mmoja inayotambua ww, katikati mliipataje?

fundi_utepe: Wakuu, habari za jioni. Kuna swali linawatoa jasho vijana ninaowasaidia masomo: mashine ya utepe mmoja, herufi a na b tu, ikubali neno likiwa ni w ikifuatiwa na w ileile. Kulinganisha nusu mbili si kazi ngumu. Ngumu ni kujua nusu ya pili inaanzia wapi, maana pale katikati hakuna alama yoyote.

Mimi hubana kutoka pande mbili. Naikuza herufi ndogo ya kwanza, naenda kulia naikuza ndogo ya mwisho, narudi. Kwa abab utepe unabadilika hivi:

```
abab
Abab
AbaB
ABaB
ABAB
abAB
```

Mstari wa mwisho ndio roho ya jambo. Herufi ndogo zikiisha, utepe wote ni herufi kubwa, na kinachojua katikati ni pale kichwa kiliposimama tu, juu ya A, herufi ya tatu. Kikiondoka bila kuacha alama, katikati imepotea. Kwa hiyo papo hapo naenda kushoto nikizirudisha ndogo hadi nafasi tupu, na mpaka unaonekana kwa macho. Neno likiwa na herufi witiri, herufi ya kushoto iliyokuzwa mwisho inakosa mwenzake wa kulia, hapo nakataa. Neno tupu nalikubali, kwa kuwa w inaweza kuwa tupu.

Ninyi mlifanyaje?

mzee_wa_namba: Yangu ilikuwa fupi zaidi. Ya kwanza nalinganisha na ya mwisho, nazifuta zote mbili, naingia ndani. Nimeijaribu kwa abaaba, imekubali vizuri tu.

bintihesabu: Kaka, hiyo inatambua maneno yanayosomeka sawa mbele na nyuma, ni swali jingine. abaaba ni mtego kwa sababu iko kwenye makundi yote mawili. Ipe abab, itakataa. Ipe abba, itakubali. Hapo utaona.

mzee_wa_namba: Nimejaribu, kweli. Ahsante dada.

kijana_wa_mabibo: Mimi hatua ya kwanza nilifanya kama fundi. Ya pili: naandika x juu ya herufi ndogo ya kwanza, nakumbuka ni a au b, natembea hadi herufi kubwa ya kwanza, ikilingana naandika x, kisha narudi kushoto hadi nikute x. Kwa aa inafanya kazi.

bintihesabu: Umekaribia, mdogo wangu, lakini kurudi ndiko kuna tatizo. Kwenye abaaba, baada ya jozi ya pili utepe ni hivi:

```
xxaxxA
```

Ukirudi hadi x ya kwanza unayokutana nayo, utasimama kwenye x ya upande wa kulia, bila kufika kushoto. Vuka kwanza x zote, halafu vuka herufi ndogo zote, ukikuta x piga hatua moja kulia. Na kama baada ya x umekuta nafasi tupu badala ya herufi ndogo, nusu ya kushoto imeisha: kubali. Huko "kukumbuka" nako kunakaa kwenye hali, si kwenye utepe, kwa hiyo unahitaji njia mbili, moja ya a na moja ya b.

mwl_jioni: Sisi tulipewa utepe wenye mwisho upande wa kushoto, hakuna nafasi tupu ya kugonga. Kwenye programu ya JFLAP mashine inapita vizuri kwa kuwa utepe wake unaendelea pande zote, lakini kwenye karatasi ya mtihani haifai. Ilibidi kisanduku cha kwanza kipewe alama zake, moja ya a na nyingine ya b, na hali zikaongezeka.

fundi_utepe: Na kasi je? Nikirefusha neno mara mbili, hatua zinakuwa kama mara nne.

bintihesabu: Hapo huna ujanja kwa utepe mmoja. Hennie alionyesha mwaka 1965, kwa maneno yanayosomeka sawa pande zote, kwamba n² haikwepeki, na hoja yake inaifaa ww pia: habari zote za nusu ya kwanza lazima zivuke ile mipaka ya katikati, na kila mara kichwa kinapovuka kinabeba hali moja tu. Ongeza utepe wa pili, kazi inaisha kwa hatua zinazolingana na urefu wa neno.

mwl_jioni: Ila katikati yenyewe inapatikana kwa n log n, ukitembea na kihesabio cha mfumo wa jozi kando ya kichwa.

bintihesabu: Inapatikana, sikatai. Lakini ulinganishaji unabaki n², sasa mzigo wa kubeba kihesabio wa nini?

mwl_jioni: Kwa neno refu ungepunguza sehemu kubwa ya matembezi. Ningependa kuona mtu aliyeijenga na kuhesabu hatua.

kijana_wa_mabibo: Hicho kihesabio kinakaa wapi kama utepe ni mmoja?