Pawabenki ya bure kutoka Kariakoo: mchambuzi akitangaza kwamba amepewa, je, inatosha?

Muulizaji, Sinza: Natengeneza video za kuchambua vifaa vya simu. Muuzaji mmoja wa Kariakoo amenipa pawabenki bure, hajanilipa hata shilingi, na amesema niseme ninachokiona. Nikitamka mwanzoni mwa video kwamba nimepewa, si inatosha? Na nipimeje ili nisimwonee mtu?

Fundi umeme, Kijitonyama: Ndugu yangu, ungeniuliza miaka mitatu iliyopita ningekujibu kwamba inatosha. Kilichonibadilisha ni pawabenki kama hiyo yako, iliyoandikwa 20,000 mAh, niliyoletewa na muuzaji ambaye sitamtaja. Niliichaji mpaka ikajaa, nikaiacha ipoe kwa saa moja, kisha nikachomeka kipima cha USB moja kwa moja kwenye tundu lake, bila waya katikati, kwa sababu waya mwembamba hula umeme na lawama ikaangukia pawabenki. Mbele ya kipima niliweka kifaa kinachovuta ampea 2 bila kupanda wala kushuka, nikakiacha mpaka pawabenki ikazima yenyewe. Ilichukua saa sita na dakika kama kumi na nane, na kipima kikasoma wati-saa 63. Hicho ni kiwango cha heshima kabisa. Nikarekodi video, nikatangaza kwamba nimepewa, nikaisifu.

Wiki ya pili watu wakaanza kuniandikia kwamba zao zinakata mapema. Nikamtuma mpwa wangu, ambaye hakuna muuzaji anayemjua, akanunua mbili katika maduka mawili tofauti yanayouza mzigo wa mtu yule yule. Nikazipima kwa kipima kile kile, chumba kile kile, ampea 2 zile zile, kila moja mara tatu, na jibu la mara ya kwanza nikaliacha kwa sababu betri iliyokaa muda mrefu kwenye boksi huweza kudanganya kidogo. Moja ilitoa wati-saa 38 na nyingine 39. Zote mbili zilizima kabla ya saa nne kutimia.

Sasa tazama: sikusema uongo hata neno moja, na niliutangaza ule msaada, lakini video yangu iliwapotosha watu. Zawadi haikunipinda moyo. Kosa lilikuwa kwamba kipande nilichopima kilichaguliwa na mtu mwenye maslahi, na tangazo la mwanzoni mwa video haliwezi kurekebisha hilo. Mtazamaji anaambiwa kwamba mchambuzi amepewa, ila haambiwi kwamba alichopewa si kile atakachokikuta dukani.

Mtazamaji, Mbagala: Mimi naona fundi anamstahi mno huyo muuzaji. Nina kipima kama chake, na ninajua kwamba wati-saa 63 ukizigawa kwa volti 5 za USB unapata 12,600 mAh. Boksi linasema 20,000. Kwa hiyo hata ile sampuli nzuri ilikuwa imepunjwa zaidi ya theluthi, na mchambuzi mwaminifu alitakiwa kuiita feki tangu siku ya kwanza.

Fundi umeme, Kijitonyama: Kugawa umegawa sawasawa, kaka, ila umeanza kuhesabu katikati ya safari. Namba ya kwenye boksi inahesabiwa kwa betri za ndani, ambazo zina volti 3.7, wakati kwenye tundu umeme unatoka ukiwa volti 5. Zidisha 20,000 kwa 3.7 upate wati-saa 74, kisha ugawe kwa 5, unabaki na 14,800. Ubao wa ndani unaopandisha volti nao hula chake, kwa kawaida asilimia kumi hadi kumi na tano, ndiyo sababu pawabenki nzima ya 20,000 ikitoa 12,600 au 13,000 haijamwibia mtu. Debe la mahindi ukilikoboa hupati debe la sembe, na hakuna anayemshtaki mwenye mashine. Watengenezaji waangalifu huandika namba zote mbili, ile ndogo kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona video zenye watazamaji wengi zikimchafua muuzaji asiye na kosa kwa hesabu hiyo hiyo yako. Mimi huacha kabisa kulinganisha mAh; nalinganisha wati-saa zilizotoka na wati-saa zilizoahidiwa. Sampuli ile ilitoa 63 kati ya 74. Za dukani zilitoa karibu nusu, na hapo hakuna ubao wa kusingiziwa.

Mtazamaji, Mbagala: Hilo la volti nalikubali. Bado nasema asilimia kumi na tano ni nyingi.

Mama wa watoto watatu, Tabata: Samahanini wanangu, nami niulize. Ya kwangu imevimba katikati kama andazi, na aliyeniuzia anasema ni joto la Dar es Salaam. Nairudishaje nipate fedha yangu?

Fundi umeme, Kijitonyama: Shikamoo mama. Kwanza usiichaji tena, usiitoboe, na iondoe chumbani mnakolala. Iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na nguo. Kuvimba ni gesi iliyojikusanya ndani ya betri. Joto huliharakisha jambo hilo, lakini pawabenki iliyo salama haivimbi kwa kukaa tu sebuleni. Nenda na risiti dukani ukiwa umeshaipiga picha. Fedha kurudi au kutorudi, hilo ni kati yako na yeye.

Mwenye duka, Kariakoo: Ninasoma hapa nikiwa upande unaotuhumiwa, na ninaomba nisikilizwe. Mnadhani muuzaji hukaa usiku akichagua kipande kizuri cha kumdanganyia mchambuzi. Wapo wa hivyo, sikatai. Ila mimi mwenyewe nimewahi kuletewa mzigo wa kwanza mzuri, na mzigo wa pili ukaja katika boksi lile lile, rangi ile ile, uzito ule ule, huku betri za ndani zikiwa nyingine. Nilijua wateja waliporudi. Kipima cha kupimia katoni nzima sina, na kila pawabenki moja ikipimwa kwa saa sita nitauza lini? Kwa hiyo mchambuzi aliyepokea sampuli yangu ya mzigo wa kwanza alipewa kitu halali. Akija kununua ya mzigo wa pili kisha akaniita tapeli mbele ya watu elfu hamsini bila hata kunipigia simu, ni nani amemwonea mwenzake?

Fundi simu, Mwenge: Uzito ule ule una sababu yake, mzee. Nimezifungua kadhaa zilizoletwa zikiwa zimekufa, na mojawapo ilikuwa na betri mbili mahali pa sita, huku nafasi iliyobaki imejazwa kifuko cha mchanga kilichogandishwa kwa gundi. Ukiishika mkononi unaamini kabisa. Ndiyo maana huwa nacheka nikiona mchambuzi anaipimapima kwa kiganja na kusema “hii nzito, hii ni orijino”.

Fundi umeme, Kijitonyama: Mwenye duka amegusa jambo ambalo nilikosea nilipolirudia lile somo. Video yangu ya pili ilisema “muuzaji anawatapeli”. Sikuwa na ushahidi wa nia yake. Nilichokuwa nacho ni vipande viwili, vilivyonunuliwa tarehe fulani, vilivyotoa nusu ya kilichoandikwa. Nilitakiwa kusema hivyo hivyo na kuishia hapo, kwa kuwa vipande viwili havitoshi kuhukumu kontena. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo; kuthibitisha utapeli ni kazi yao, na mimi kazi yangu ni kusoma kipima.

Muulizaji, Sinza: Nawashukuru, ila naona mnazungumza kama watu wenye fedha. Pawabenki ya 20,000 niliyoiulizia jana ni shilingi 45,000. Nikinunua mbili kila mara, pamoja na hiyo ya kupewa, chaneli yangu inakufa kabla ya Krismasi. Je, siwezi kutumia simu yangu tu, nihesabu imejaa mara ngapi?

Mwalimu wa fizikia, Temeke: Simu ni kipimo kibaya kwa sababu haivuti umeme kwa kiwango kimoja. Ikikaribia kujaa hupunguza yenyewe, na pawabenki nyingi zikiona umeme unaovutwa ni mdogo mno hudhani kazi imekwisha, zikazima zikiwa bado zina akiba. Aidha betri ya simu yako ya mwaka huu si ile ya mwaka juzi, kwa hiyo video zako mbili hazitalinganishika. Kama huna kifaa cha kuvuta umeme sawasawa, tumia taa ya USB isiyo na betri ndani, ile ile kila mara, na kipima mbele yake. Hutafikia ampea 2 na utasubiri hata siku nzima, lakini zote zitakuwa zimepita mlango mmoja.

Kuhusu fedha, Consumer Reports la Marekani, lililoanza mwaka 1936, hununua dukani kila linachopima. Huo ndio mfano ambao wengi hutupigia. Lakini lina michango ya wanachama nyuma yake, wewe una bando. Ningekushauri upokee sampuli kwa sharti lililoandikwa kwenye ujumbe wa simu kabla hujaipokea, kwamba muuzaji haoni video kabla ya kutoka na kwamba itarudishwa. Kisha unanunua kipande kimoja tu kwa jina la mtu mwingine, na hicho ndicho unachokitolea namba. Sampuli inabaki ya kulinganishia. Zikipishana sana, hiyo yenyewe ndiyo habari. Ukimaliza, uza kilichotumika kwa bei ya chini ukisema kimetumika.

Mwenye duka, Kariakoo: Sharti la kutoona video nalikubali. Ninachodai ni kuonyeshwa namba kabla, nipewe siku mbili za kujibu.

Fundi umeme, Kijitonyama: Hapo ndipo sijapata jibu. Mara moja nilimwonyesha muuzaji namba, nikampa siku mbili kama unavyotaka, naye hakunijibu. Siku ya tatu mpwa wangu alipopita, zile pawabenki zilikuwa zimeondolewa rafuni na nyingine zimewekwa, na waliokwisha kununua hawakuambiwa chochote. Ila yupo mwingine aliyenijibu kwa kunitumia namba ya katoni yenye kasoro, nikaiweka kwenye video, watu wakakagua zao.

Mtazamaji, Mbagala: Basi toa video kwanza, ajibu chini yake.

Mwenye duka, Kariakoo: Jibu la chini nani husoma?

Muulizaji, Sinza: Nimemwandikia muuzaji usiku huu kwamba nitairudisha, na nimemwomba binamu yangu anunue moja kesho Msimbazi. La siku mbili bado nalifikiria. Amenijibu kwa alama ya dole gumba tu, na sijui ina maana gani.