Video ina picha ila sauti hakuna: nishushe upya, nitumie programu ya simu, au niunganishe?

MwalimuWaKwaya_Nyakato
Mwangaluka wakuu. Kwaya yetu ina video yake kwenye chaneli yetu ya YouTube, na diski ya studio iliyokuwa na nakala asili imeshakufa. Tunataka kuionyesha kanisani kwa projekta, kwa hiyo kijana wa steshenari alinishushia kwa yt-dlp na kuniwekea kwenye fleshi. Picha ni safi ya 1080p, ila sauti hakuna kabisa. Faili ni moja, jina linaishia na `.f137.mp4`, MB 96, urefu dakika 6 na sekunde 20. Nimeambiwa njia tatu: kuishusha upya yote, kuchukua ile ya 360p ambayo huwa na sauti yake, au kuirekebisha kwenye programu ya kuhariri video ya simu. Ipi ina unafuu? Bando ndiyo hiyo ya kuungaunga.

Kaka_Igoma
Umeangalia sauti ya laptopu haijazimwa? Bonyeza kile kispika pale chini.

MwalimuWaKwaya_Nyakato
Nyimbo nyingine zinalia, kaka.

DJ_Kirumba
Hiyo ni kodeki mwalimu. Pleya yako haiielewi sauti ya hiyo video. Weka VLC, hiyo inafungua kila kitu. Ikigoma, basi kijana alikushushia vibaya, mrudie.

MwalimuWaKwaya_Nyakato
VLC ndiyo ninayotumia, DJ.

Fundi_Makoroboi
DJ anasema jambo la kweli, ila si la hili faili. Mwalimu, fungua video kwenye VLC, bonyeza Ctrl+J, utaona orodha ya mikondo iliyomo. Kama kuna mkondo wa sauti lakini hausikiki, hapo ndipo tunazungumzia kodeki. Kama kuna mkondo wa video peke yake, hakuna pleya itakayokusaidia, maana sauti haimo.

Na mimi nakuambia haimo kabla hujafungua, kwa sababu jina limeshasema. Hiyo `f137` ni namba ambayo YouTube huipa picha ya 1080p ya mp4, picha tupu. Sauti inayokwenda nayo ni namba 140, faili la m4a. YouTube huviweka mbalimbali kwa makusudi: mtandao ukilegea mtazamaji anashushiwa picha kutoka 1080p hadi 480p au chini zaidi, huku sauti ikiendelea bila kukatika. Na wao hawahitaji kutunza sauti ileile ndani ya kila ukubwa wa picha.

Kazi ya kuviunganisha yt-dlp huiachia programu nyingine, ffmpeg. Kompyuta ya yule kijana bila shaka haina. Angeiacha yt-dlp ijichagulie yenyewe, kwa kukosa ffmpeg ingechukua ile iliyounganika tayari, yenye picha hafifu. Yeye akalazimisha 1080p kwa `137+140`, ikashusha mafaili mawili na kumwandikia onyo hili, ambalo watu hulipita tu:

```
WARNING: You have requested merging of multiple formats but ffmpeg is not installed. The formats won't be merged
```

Faili la sauti huenda bado limekaa kwenye kompyuta yake. Akunakilie. Kama kalifuta, usishushe picha tena! Shusha sauti peke yake:

```
yt-dlp -f 140 "kiungo cha video"
```

Sauti hiyo ni kilobiti kama 128 kwa sekunde, yaani karibu MB moja kwa kila dakika ya wimbo. Yako itakula kama MB 6. Halafu yape mafaili majina mafupi, uyaweke folda moja, uandike:

```
ffmpeg -i picha.mp4 -i sauti.m4a -map 0:v -map 1:a -c copy wimbo.mp4
```

Hapo kwenye `-c copy` ndipo penye faida. Haichomi video upya, inachukua mikondo miwili kama ilivyo na kuipanga ndani ya faili moja. Laptopu ya zamani inamaliza kwa sekunde chache, na picha haipungui ubora hata chembe. Utajua imekubali kwa uzito: 96 na 6 zitoe karibu MB 102. Ukiona bado ni 96, sauti haijaingia.

Dada_Buzuruga
Mimi hutumia programu ya simu, unaweka picha, unaweka sauti chini yake, unabonyeza kuhifadhi. Kuna haja gani ya kuandika maneno kwenye skrini nyeusi?

Fundi_Makoroboi
Inafanya kazi dada, siibezi. Ila ile inachoma picha yote upya, fremu kwa fremu. Utasubiri, simu itapata moto, na picha itapoteza ubora kidogo. Nyingine zinagonga na nembo yao pembeni. Kwa status ya WhatsApp, sawa. Kwa projekta ya kanisa, mimi nisingefanya. Na ile 360p kwenye ukuta mpana utahesabu viboksi vya picha badala ya nyuso za waimbaji.

Kama huna laptopu, Termux ya Android nayo inaendesha ffmpeg ileile: `pkg install ffmpeg`, basi.

Nansio_Tivii
Mimi pia yangu haina sauti. Nina banda la kuonyesha video hapa Ukerewe. Nikiweka fleshi kwenye tivii, picha inatoka bila sauti, lakini kwenye simu inalia vizuri. Nami nikashushe 140?

Fundi_Makoroboi
Hapana mkuu, yako ndiyo ile ya DJ. Sauti imo, tivii haiijui. Angalia kwa Ctrl+J kama imeandikwa Opus, AC3 au DTS. Tivii nyingi hununa kwa mojawapo ya hizo. Iache picha, geuza sauti tu iwe AAC:

```
ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k filamu2.mp4
```

Hii itachukua muda zaidi ya ile ya mwalimu, kwa kuwa sauti inachomwa upya, ila picha haiguswi.

DJ_Kirumba
Nilisema ni kodeki 😀

Ila mimi ningemwambia aweke kwenye mkv badala ya mp4. Mkv inabeba sauti ya aina yoyote bila maneno.

Fundi_Makoroboi
Inabeba, lakini kubeba si kuchezwa. Kwa fleshi ya kwenye tivii mimi nabaki na mp4 yenye AAC. Kwa laptopu, fanya upendavyo.

MwalimuWaKwaya_Nyakato
Kijana alikuwa ameshafuta la sauti. Nimeshusha 140 peke yake, nikaunganisha, limetoka MB 102 na linalia. Midomo na sauti viko pamoja hadi mwisho. Asante sana fundi.

Dada_Buzuruga
Basi nami nina swali. Niliunganisha picha ya harusi ya mdogo wangu na sauti tuliyorekodi kwa simu nyingine. Mwanzoni vinaenda pamoja, kadiri inavyosonga sauti inatangulia. Kuisogeza mwanzo hakusaidii.

Fundi_Makoroboi
Ingekuwa tofauti ni ileile toka mwanzo hadi mwisho, `-itsoffset` ingemaliza. Inayozidi kukua ni kwamba vifaa viwili havikuenda kwa kasi moja, au simu ilikuwa inabadilisha idadi ya fremu. Mwishoni sauti inatangulia kwa sekunde ngapi, na video ina dakika ngapi?

Dada_Buzuruga
Ni kama sekunde mbili hivi, video ina saa na kitu. Nikifika nyumbani nitapima vizuri.