Kontrakta aweke faida kabla hajakabidhi funguo?

Salma_Tudor: Natunza vitabu vya kontrakta hapa Mombasa. Twajenga fleti Bamburi kwenye ploti ya mteja, kazi ya miaka miwili, bei milioni 60, gharama tulikadiria 50. Mpaka Disemba tumetumia 26, sertifiketi za kazi iliopimwa zimetoka za 25. Bosi hataki faida iandikwe vitabuni hata shilingi mpaka tukabidhi funguo, adita ataka iwekwe sahi. Nani yuko sawa?

FundiLikoni: Bosi wako. Nimejenga miaka ishirini mie, nyumba haijaezekwa faida waitoa wapi? Nondo ikipanda bei au masika yakusimamishe wiki tatu, hio faida ulotangaza yote yaliwa.

Kizingo_hesabu: Fundi, hofu yako ni ya kweli ila dawa yake si kungoja funguo. Jengo liko kwenye ploti ya mteja, kila tofali likishawekwa ni lake, mkikosana kesho kontrakta halibebi aondoke nalo. IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya kuhesabu mapato ilioanza 2018, yataka mapato yafuate kazi inavyokwenda, si jambo la bosi kuchagua. Salma, hio 26 ndani yake mna nini?

Salma_Tudor: Lifti mbili, jumla milioni 10, tumezinunua tayari zimeundwa. Ziko graundi ndani ya mbao zake chini ya turubai, mteja ashakabidhiwa kwa sahihi, fundi wa lifti aja Machi.

Kizingo_hesabu: Basi hapo ndipo wengi huteleza. Ukichukua 26 juu ya 50 wapata asilimia 52, mapato 31.2 na faida 5.2, na mwajua wenyewe kuteremsha lifti kwa lori si nusu ya jengo. Zitoe pande zote mbili. Kazi mliofanya kwa mikono yenu ni 16 kati ya 40, yaani asilimia 40. Bei bila lifti ni 50, asilimia 40 yake ni 20, halafu lifti waziweka mapato 10 gharama 10, faida sufuri. Jumla mapato 30, gharama 26, faida 4.

mkadiria_majenzi: Mbona mwajizungusha, chukueni sertifiketi, 25 ndio mapato basi. Mie nimepima saiti mwenyewe kazi kama hizi, sipimi risiti za simiti.

Kizingo_hesabu: Kupima kazi yenyewe pia ni njia halali, sikatai. Lakini Salma, sertifiketi ya mwisho ilipimwa lini?

Salma_Tudor: Katikati ya Novemba. Baada ya hapo tumemwaga slabu ya tatu nzima.

Kizingo_hesabu: Haya, hio slabu iko kwa mteja na sertifiketi haiijui. Ndio maana kuna pengo la 5 baina ya 30 na 25, hilo lakaa kwenye mizania kama mali ya mkataba, usilichanganye na wadeni manake bado hamjakuwa na haki ya kulidai. Ukiona pengo hilo lakua kila mwaka na sertifiketi hazifuati, shuku makadirio.

mkadiria_majenzi: Ningepima tena tarehe 31 Disemba, hio slabu ingeonekana. Risiti hazijui kama kazi ni nzuri au ya kubomolewa.

Mtwapa_Ploti: Kwa hivo hata mie niweke? Najenga fleti zangu mwenyewe, wateja washalipa dipoziti.

Kizingo_hesabu: Yako ni nyengine shekhe, ploti ni yako. Soma mkataba: mnunuzi akijitoa, sheria yakupa haki ya kulipwa kazi ulofanya pamoja na faida yake? Na fleti ile yafungwa kwa jina lake, huwezi kumuuzia mwengine? Ikikosekana moja wangoja kukabidhi.

FundiLikoni: Mimi nauliza kitu kimoja tu. Hio 50 nani kasema bado ni 50?

Salma_Tudor: Ni ya wakati wa tenda, hatujaigusa. Ngoja nimuulize foromani.

Salma_Tudor: Nimerudi. Asema ukiacha lifti kazi iliobaki haiishi kwa 24, ni 30.

Kizingo_hesabu: Fundi kagusa penyewe. Sasa ni 16 juu ya 46, kama asilimia 35, mapato yashuka mpaka kama 27.4 na faida yabaki 1.4 tu. Na gharama zote zikipita 60, hasara yote yaingia mwaka huohuo, haigawanywi kwa asilimia.

FundiLikoni: Kutoka 4 hadi 1.4 kwa simu moja ya foromani! Na benki ingekuwa ishaonyeshwa 4?

Salma_Tudor: Bosi ataka kupeleka vitabu benki Ijumaa. Leo jioni naenda saiti na foromani, tupite chumba kwa chumba kabla sijaandika namba yoyote.