MREJESHO: Barua ya kuomba mchungaji aruhusiwe wodini

Niliuliza: "Wakuu, barua ya kuomba mchungaji wetu awatembelee wagonjwa hospitalini naielekeza kwa nani, na niandike nini?"

Ruhusa imetoka, asanteni. Hapa Dodoma niliielekeza kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa Muuguzi Mfawidhi, maana wodi ziko chini yake. Niliipeleka masijala na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Msiondoke bila huo muhuri.

Kichwa kilikuwa "YAH: OMBI LA MCHUNGAJI KUTEMBELEA WAGONJWA". Naona aya hii ndiyo iliyosaidia:

"Mchungaji ataripoti kwanza kwa muuguzi wa zamu, na ataonana na mgonjwa aliyemwomba mwenyewe au kupitia ndugu zake. Hatatoa Komunyo, mafuta wala maji kabla ya kumuuliza muuguzi."

Hilo la Komunyo si urasimu. Anayesubiri upasuaji hatakiwi kula wala kunywa. Akimeza hata mkate na divai kidogo, upasuaji unaweza kuahirishwa.

Wametupa saa za jioni baada ya dawa. Chumba cha wagonjwa mahututi ni kwa kuitwa tu, na spika hairuhusiwi.