Mjadala: Tuchore kurasa kwenye karatasi kwanza, au tuingie moja kwa moja kwenye Elementor, programu ya kujengea tovuti?

Fundi wa Tanga: Wakuu, nimepata kazi ya tovuti ya nyumba ya wageni yenye vyumba vitano, Pangani. Mwenzangu anataka tusiguse kompyuta mpaka kila ukurasa uwe umechorwa kwenye karatasi na mteja ameukubali. Mimi naona ni kufanya kazi moja mara mbili. Nyie mnafanyaje?

Kijana wa Ubungo: Nakuunga mkono. Kiolezo unakikuta kimeshapangwa, sasa unachora nini tena? Mimi naweka masanduku ya kijivu humo humo ndani ya Elementor, likikaa vibaya nalihamisha. Halafu karatasi haibani wala haitanuki, na skrini za watu hazilingani.

Dada wa Kurasa, Mombasa: Ndugu yangu wa Ubungo, la masanduku ya kijivu lina ukweli na nitalirudia. Ila wengi wetu tukishafungua programu mkono unakwenda kwenye rangi na aina ya herufi, na saa moja inapita kabla hatujaamua mgeni aone nini kwanza. Karatasi haina rangi za kukuvuta.

Mimi nafanya hivi. Nachukua A4, nailaza, naikunja mara mbili napata vipande vinne vilivyosimama. Kila kimoja kina upana wa milimita 74 hivi, karibu sawa na simu ya kawaida. Maana yake nachora kwa ukubwa halisi. Kwenye kila kipande napiga mstari sentimita 13 kutoka juu, kwa sababu hapo ndipo skrini inapoishia kabla mtu hajasogeza kidole. Natumia kalamu nene ili nisishawishike kuchora urembo. Maneno ya kichwa na ya vitufe nayaandika kamili, maelezo marefu nayaacha kuwa mistari tu.

Nilifanya nyumba ya wageni Lamu, kazi kama yako. Mwenyewe alitaka picha tano zinazopishana juu kabisa ya ukurasa. Nikamchorea kipande cha kwanza alivyotaka. Picha ikala sentimita 9, jina na menyu vikala zilizobaki, bei na kitufe cha WhatsApp vikaangukia chini ya mstari. Kipande cha pili nikaweka picha moja ya sentimita 6, jina na mahali, bei ya kuanzia, kisha kitufe. Nikaviweka mbele yake pamoja na simu yake mwenyewe. Hakunisubiri nieleze, alichukua cha pili. Vyote viwili havikunichukua robo saa.

Mzee wa Chapa: Wanangu, hili sisi wa vipeperushi tumelifanya miaka mingi. Tumia karatasi ya miraba na rula, pima kila pambizo, milimita kwa milimita, ndipo uende kwenye mashine. Ukikosea pambizo karatasi nzima imeharibika.

Dada wa Kurasa, Mombasa: Shikamoo mzee. Kwa chapa ni sawa kabisa. Kwa tovuti vipimo vya karatasi havishiki, kila simu inabana maneno kwa namna yake. Rula naitumia kwa ule mstari wa sentimita 13 tu. Ninachotafuta ni nini kitangulie, nini kifuate, na nini kisiwepo kabisa.

Mama Vitenge: Mimi si fundi, ni mteja. Nilitengenezewa tovuti ya duka langu la vitenge, fundi hakunionyesha chochote mpaka siku ya kukabidhi. Ikawa nzuri kwenye kompyuta yake. Kwenye simu yangu picha zimefuatana mbili mbili, maelezo yamefuatana, mteja hajui bei ni ya kitenge kipi. Akarekebisha mara nne na kila mara nikaongeza hela. Sasa swali langu ni hili, huo mchoro ningeuelewa kweli? Mimi masanduku nayaona masanduku tu.

Dada wa Kurasa, Mombasa: Mama, tatizo lako nalijua vizuri. Fundi alipanga mstari wa kwanza maelezo kushoto na picha kulia, wa pili picha kushoto na maelezo kulia, ili kompyuta ipendeze. Kwenye simu kila kilicho kushoto kinapanda juu na cha kulia kinashuka chini yake. Ukisoma kutoka juu unapata maelezo, picha, picha, maelezo. Angechora kipande cha simu kwanza angeliona palepale, na dawa yake ni ndogo: kwenye Elementor unahamia mwonekano wa simu na kugeuza mpangilio wa ule mstari wa pili. Shida ni pale unapoligundua baada ya kujenga kurasa kumi.

Kuhusu kuelewa, usimwonyeshe mteja masanduku matupu. Andika "Kitenge cha nta, yadi 6" na bei yake halisi ndani ya sanduku. Halafu usimuulize kama amependa. Muulize, "Ukitaka kuagiza hiki, utabonyeza wapi?" Akisita, mchoro una kasoro.

Kijana wa Ubungo: Hilo la picha mbili limenikuta mimi pia, nakubali. Bado nina neno. Kiolezo kina kitufe kimeandikwa Book Now, mimi naandika "Weka nafasi ya chumba", kinavunjika mistari miwili. Kwenye karatasi nitakibananisha kwa mwandiko mdogo na kila kitu kitaonekana kimekaa. Mchoro utanidanganya.

Dada wa Kurasa, Mombasa: Hapo umenena, na ndipo masanduku yako ya kijivu yanapoingia. Mchoro ukishaamua mpangilio, jenga ukurasa mmoja tu kwa kijivu, tia maneno halisi, ufungue kwenye simu ya bei nafuu. Kisha ndipo rangi. Orodha ndefu za bei na fomu sizichori kabisa, karatasi haiwezi kukuambia jedwali la safu nne litabanwaje. Na kama unabadilisha picha tu kwenye ukurasa uliopo, karatasi ya nini?

Fundi wa Nairobi: Mimi nachora na nalipisha. Mchoro ni kazi, si zawadi. Mteja akiukubali anauwekea sahihi, akibadili mpangilio baadaye analipa tena.

Kijana wa Ubungo: Huku kwetu ukimtajia mteja hela ya mchoro wa kalamu anakukimbia, kaka. Anataka kuona kitu kwenye skrini.

Mama Vitenge: Mimi ningelipa, kama ningejua unaniokolea yale marekebisho manne. Ila sahihi ningeogopa kuiweka kwenye kitu ambacho sijakiona kwenye simu.

Fundi wa Tanga: Nimerudi. Jana nilikunja A4 kama Dada alivyoeleza, nikachora vipande vitatu vya ukurasa wa mwanzo. Mwenzangu alikuwa na haki kwa jambo moja: tuligundua hatuna maelezo ya kufika Pangani kutoka Tanga mjini, na mgeni lazima atayauliza. Ningelikumbuka hilo siku ya mwisho kabisa. Lakini mteja amekataa bei ionekane juu. Anasema wageni wakiiona watalinganisha na jirani na kuondoka, bora wampigie simu kwanza. Nimechora kipande cha nne bila bei, kitufe cha WhatsApp kimepanda juu. Mwenzangu anasema tusijenge mpaka akubali bei irudi. Mimi naona mchoro umeshafanya kazi yake na uamuzi ni wa mwenye nyumba. Mngekuwa nyie?